Kufuatilia msimu wa mchezaji kijana kwa jedwali la Excel: dakika ndizo zinazoharibu hesabu

Chukua mtoto wa timu ya Katuba, hapa Lubumbashi, anayecheza mechi za dakika 70, yaani 35 mara mbili. Fungua jedwali jipya lenye safu nane: A tarehe, B mpinzani, C muda wa mechi, D dakika aliyoingia, E aliyotoka, F dakika alizocheza, G magoli, H pasi za goli. Zinatosha. Safu ya "kiwango cha mchezo" yenye alama za kubahatisha mimi siiweki.

Katika F2 andika hivi, kisha uivute chini:

```
=E2-D2
```

Aliyeanza anaandikiwa 0 katika D, aliyemaliza 70 katika E. Akikaa benchi mechi nzima, acha D na E tupu lakini usifute mstari. Akitolewa kisha akarudishwa, mpe mstari wa pili wenye tarehe ileile. Kwa hiyo idadi ya mistari usiichukue kuwa idadi ya mechi.

Saa ndiyo inayoponza wengi. Refa akiongeza dakika 2 kabla ya mapumziko ya dakika 10, na saa ya simu ikaachwa iendelee, mtoto aliyeingia dakika ya 50 utamwandikia 62. Akimaliza mechi, jedwali litampa dakika 8 badala ya 20. Kipindi cha pili kikianza, anza saa upya kutoka sifuri na ujumlishe 35. Dakika za nyongeza usizihesabu kabisa, kwa kila mechi.

Usiandike "35+2" wala "50 dak", maana Excel inayaona hayo kuwa maneno. Yakiwa katika D au E, F itaonyesha #VALEUR!. Ukiyaandika moja kwa moja katika F ni hatari zaidi, kwa sababu jumla itayaruka kimya kimya. Dalili yake: namba hukaa kulia mwa kisanduku, maneno hukaa kushoto.

Mchango wake kwa kila dakika 70 unapatikana hivi (Excel ya Kiingereza inataka SUM):

```
=SOMME(G2:H40)/SOMME(F2:F40)*70
```

Tuseme dhidi ya Kamalondo alicheza dakika 70 akafunga 1. Dhidi ya Kenya (komini, si nchi) alicheza 10 akafunga 1, na dhidi ya Ruashi 60 bila kitu. Magoli 2 kwa dakika 140 ni 1 kwa kila 70. Ukipiga hesabu ya kila mechi peke yake utapata 1, 7 na 0, wastani wake 2,67: zile dakika 10 zimemfanya mshambuliaji wa ajabu. Kabla ya dakika 280 hivi, namba hiyo usimwonyeshe kocha.

Pasi ya goli ni pasi ya mwisho kwa mfungaji. Kipa akiutema mpira na mwingine akamalizia, mimi sihesabu. Ukiamua kuhesabu, amua kabla ya mechi ya kwanza na usibadilishe katikati ya msimu.