Somo: Kusoma maoni ya programu za washindani kabla hujachora yako (mfano: hesabu za kikoba)

Tuchukue programu ya kutunza hesabu za kikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii na mgawo wa mwisho wa mzunguko. Programu za aina hii zipo tayari, na watumiaji wake wameshaandika hadharani zinapowakwamisha. Anza na maandishi hayo, skrini zitafuata.

Hatua ya 1: Chagua washindani. Watatu au wanne wanatosha. Kwenye Google Play tafuta kwa maneno ambayo mweka hazina angeandika: "kikoba", "hisa", na kwa Kenya "chama". Ongeza mshindani ambaye hayupo dukani kabisa, yaani daftari. Usimdharau, huyo hahitaji chaji wala bando.

Hatua ya 2: Vuta maoni. Wastani wa nyota uuache. Tangu 2021 Google Play huonyesha wastani kulingana na nchi ya mtumiaji, kwa hiyo unaouona Dar unaweza usiwe wa Nairobi. Soma zaidi nyota 2 na 3. Nyota 5 nyingi husema "nzuri sana" basi, na nyota 1 mara nyingi ni hasira ya mtu aliyeshindwa kuingia. Wa katikati alitaka kuitumia, akafika mahali akakwama.

Kwa mkono, maoni mapya 100 kwa kila programu yanatosha. Anayejua Python:

```python
from google_play_scraper import reviews, Sort
maoni, _ = reviews("com.mfano.kikoba", lang="sw",
    country="tz", sort=Sort.NEWEST, count=200)
```

Rudia kwa `lang="en"`, maana wengi wetu simu ziko kwa Kiingereza huku tunaandika Kiswahili. Hifadhi `content`, `score`, `at` na `reviewCreatedVersion`.

Hatua ya 3: Panga malalamiko. Kila lalamiko lipate mstari wake, hata kama mtu mmoja kaandika matatu. Andika tarehe, toleo, maneno yake mwenyewe, alikuwa anafanya kazi gani, na aina: hitilafu (kitu kimeharibika), sera (ada, matangazo), au pengo (kazi haiwezekani kabisa).

Chukulia mtu kaandika: "Mwanachama akirejesha nusu, inabidi niandike pembeni." Hayo maneno "inabidi niandike pembeni" ndiyo unayoyawinda. Yanaonyesha kazi ipo, ni ya lazima, na mtu ameshajitafutia njia yake. Tafuta pia "nalazimika", "daftari", "kalkuleta".

Hatua ya 4: Hakikisha kwa mkono wako. Wengi huiruka hii, wakatengeneza kitu ambacho mshindani anacho, ila kimefichwa kwenye menyu. Sakinisha programu, unda kikundi cha majaribio cha watu 5, toa mkopo wa 100,000 wenye riba ya 10,000, kisha ingiza rejesho la 30,000.

Tuseme imekubali, na deni linasoma 80,000. Usifunge hapo, angalia 30,000 imeingia wapi. Ikiwa yote imepunguza mkopo, umebaki mkopo 70,000 na riba 10,000. Kikundi ambacho katiba yake inatanguliza riba kingesoma mkopo 80,000, riba imeshalipwa. Jumla ni ileile, lakini mgawo ukifanyika kabla mkopo haujaisha, faida ya 10,000 haionekani na watu watagombana. Kwa hiyo pengo siyo "rejesho la nusu". Pengo ni kwamba kikundi hakiwezi kuchagua kinachotangulia kulipwa. Hiyo ndiyo sentensi ya kupeleka kwenye mchoro.

Rudia jaribio ukiwa umezima data, kwa sababu vikao vingi hufanyika mahali mtandao unasumbua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, watu kibao wanalalamika namba ya uthibitisho haifiki. Hilo si pengo?
Angalia tarehe na toleo. Yakiwa yamerundikana wiki moja, ni hitilafu, na mshindani ataizima kwa toleo moja. Yakiendelea mwaka mzima kupitia matoleo kadhaa, basi jiulize kama kuingia kwa ujumbe mfupi kunawafaa watumiaji wanaobadilisha laini mara kwa mara.

Programu zote nilizopata zina maoni chini ya 20. Nifanyeje?
Hayatoshi kuhesabia, ila yanatosha kukupa maswali. Yachukue uende nayo kwenye vikao viwili vitatu, uombe kuona daftari la mweka hazina. Safu alizoziongeza kwa rula mwenyewe ni maoni pia.

Maoni ya kununuliwa nayatambuaje?
Huja kwa mkupuo, nyota 5, mafupi, bila kutaja kazi yoyote. Lakini kwa njia hii hayakusumbui sana, maana husomi sifa. Chunga zaidi nyota 1 za mkupuo, huenda ni za mshindani mwingine. Lalamiko lisilotaja kazi, liache nje ya jedwali.