Somo: Kukagua BOQ kabla hujabonyeza sabmiti

Wakuu, tenda nyingi hesabu zake zinaharibika usiku wa mwisho, bosi anapiga simu kutoka Kariakoo anasema saruji imepanda, badilisha reti ya zege, we unabadilisha reti basi, ukidhani zingine zitajifuata.

Mfano tuuchukue huu. Zege ya msingi mita za ujazo 46, reti ilikuwa 350,000, amaunti 16,100,000. Reti mpya 385,000, kwahiyo amaunti inatakiwa 17,710,000. Ila ile seli ya amaunti ilishachapwa kavu, haina fomula, imebaki 16,100,000 na jumla ya ukurasa nayo imebaki ya zamani.

Kwanza anzia kwenye mstari. Kama D ni kiasi, E reti, F amaunti, weka kolamu ya pembeni na uishushe mpaka chini:

```
=D12*E12-F12
```

Kila mstari wenye kiasi na reti usome sifuri. Wa zege utasoma 1,610,000.

Halafu jumla ya ukurasa. Hapa usiiamini SUM iliyopo, maana mtu akiongeza mstari chini kabisa unaweza kubaki nje ya SUM na usione chochote. Piga upya kwa njia nyingine, mpaka mstari wa mwisho kabisa:

```
=SUMPRODUCT(D5:D40,E5:E40)
```

Mistari ya reti tupu isiyo na kiasi haitaleta shida, ila zile pesa za makadirio zilizowekwa na mteja zisizo na kiasi wala reti zijumlishe kando.

Mwisho printi, kaeni wawili. Mmoja anasoma jumla ya kila ukurasa, mwenzake anatiki kwenye ukurasa wa makusanyo, kisha makusanyo kwenda samari kuu, kisha fomu ya zabuni. Inachosha, lakini namba iliyochapwa kwa mkono kwenye samari utaikamata hapo tu.

MASWALI

Swali: Mkuu, wakiikuta hiyo 16,100,000 wananitoa?
Jibu: Kwa kawaida wanasahihisha, reti ndo inashinda amaunti. Bei yako inapanda 1,610,000, na VAT ya 18% inakuwa 1,899,800, ulikuwa wa kwanza unajikuta wa pili. Ukikataa masahihisho ndo unatolewa. Soma maelekezo kwa wazabuni ya tenda yako.

Swali: Na nikiandika 38,500 halafu amaunti ikawa 17,710,000?
Jibu: Hapo inaonekana wazi nukta imehama, kwahiyo amaunti inashinda na reti inarekebishwa. Lakini 350,000 na 385,000 huwezi kuiita nukta ndugu yangu.

Swali: Kwangu fomula zote sawa ila kwa kalkuleta ukuta mita za mraba 640 unapishana shilingi 213.
Jibu: Reti yako inaonekana 41,267 lakini ndani ya seli ni 41,266.66 na ushee, Excel imeficha senti. Kuzungusha amaunti hakusaidii, zungusha reti yenyewe kwa ROUND ndo izidishwe.