SOMO: Kontrola mbili na ringi kwenye kituo cha pampu, na kwa nini kituo bado kinazima

Wakuu, swali la "nimefunga PLC mbili na ringi, mbona waya mmoja ukikatika kituo chote kinasimama" limejibiwa humu mpaka basi. Naliandika lote hapa, mwingine akiuliza mpeni link.

Tuchukue kituo cha mfano kwenye miteremko ya Meru. Kuna pampu 3, mbili zinasukuma na moja ni ya akiba. Paneli ya visima iko mita 350 chini ya kituo, paneli ya tenki mita 900 juu. Kontrola, yaani PLC, ni Siemens S7-1500R, CPU mbili zinazofanana. Ringi ni kebo ya mtandao inayopita kila kifaa na kurudi ilikoanza, na inaendeshwa na MRP, utaratibu unaogeuza njia ya data waya ukikatika.

1. Kila CPU na kabati lake, breka yake na pawasaplai yake ya 24 V. CPU mbili zinazokula breka moja ni CPU moja.

2. Pitisha kebo. Waya wa shaba ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, basi. Visima na tenki vinataka faiba, ambayo pia haikuletei radi ndani ya kabati. Faiba ya kurudi isilale kwenye mtaro wa faiba ya kwenda, kwa sababu koleo litakalokata moja litakata na ya pili. Kama hela ya mtaro wa pili haipo, bora tenki uliache nje ya ringi kama tawi la kawaida, ukijua kabisa kwamba ni tawi, kuliko kuwa na ringi ya kwenye mchoro tu.

3. CPU mbili zikae jirani kwenye ringi, zimeunganishwa moja kwa moja. Kwenye mipangilio ya MRP zinakuwa `Manager (auto)`, yaani wasimamizi wa ringi, vifaa vingine vyote `Client`.

4. Acha waya mmoja wa ringi umechomolewa mpaka kila kifaa kimepakiwa mipangilio yake. Ukiufunga mapema, data inazunguka bila mwisho na mtandao unaganda.

5. Muda wa kusubiri. Soma hapa taratibu. Hapa na mimi niliharibu mara ya kwanza. Waya wa ringi ukikatika, MRP inahitaji muda wa kugeuza njia, na kiwango chake cha juu ni ms 200. Wakati huo paneli hazisikiki. Sasa nenda kwenye mipangilio ya kila paneli uangalie `Update time`, yaani kila baada ya muda gani data inatumwa, na idadi ya mizunguko inayoruhusiwa kupotea:

```
32 ms  x 3 =  96 ms   (chini ya 200: paneli inahesabiwa imekufa)
128 ms x 3 = 384 ms   (juu ya 200: ringi inageuka, pampu haijui)
```

Kwa ms 96, kontrola inakata tamaa kabla ringi haijamaliza kugeuka. Matokeo ya paneli yanashuka sifuri, kontakta zinaachia, pampu zote zinakufa kwa pamoja. Ringi imefanya kazi yake vizuri, ila hakuna aliyeisubiri. Na pampu kufa ghafla si kero ndogo. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, yakisimamishwa papo hapo, yanazaa shinikizo la ziada la karibu mita 100 za maji, yaani baa 10. Ndiyo ile ngurumo unayosikia valvu ya kuzuia maji kurudi inapojipiga.

Tahadhari mbili. Paneli moja ukiisahau kwenye 32, hiyo moja itadondoka, kwa hiyo pitia zote. Na usiogope kwamba 128 ni polepole: kina cha tenki kinabadilika kwa dakika. Lakini usipande ovyo hadi sekunde kadhaa, maana paneli iliyokufa kweli nayo itachelewa kujulikana kwa muda huohuo.

6. Floti ya kuzuia pampu kukimbia kavu ipite moja kwa moja kwenye koili ya kontakta. Isitegemee kontrola yoyote.

7. Alamu ya ringi. Ringi iliyokatika haionekani, kwa sababu pampu zinaendelea. Inaweza kukaa miezi imekatika, na siku ikikatika mara ya pili ndiyo unaomboleza. Weka alamu mbili kwa opereta: ringi iko wazi, na mfumo umetoka `RUN-Redundant`, CPU mbili, kwenda `RUN-Solo`, CPU moja tu. Zitokee kwa maneno, "kebo ya ringi imekatika, piga simu kwa fundi". Taa nyekundu peke yake itazoeleka.

8. Jaribu pampu zikiwa zinasukuma. Chomoa waya wa ringi, subiri alamu, rudisha. Chomoa sehemu nyingine, rudisha. Mwisho zima breka ya CPU kuu. Ukiiwasha tena, subiri `SYNCUP`, yaani CPU mbili kuoanishwa upya, iishe na `RUN-Redundant` irudi kabla hujagusa kitu kingine.

---

FundiSakina: Mkuu nimechomoa waya mmoja pampu zote zimezima. Siemens hawa wametupiga.

Mwandishi: Hatua ya 5.

FundiSakina: Nimeisoma. Nimeweka 128.

Mwandishi: Paneli zote, au ile uliyoifungua tu?

FundiSakina: ...Mbili zilibaki 32. Imekaa sawa sasa.

Mama Njiro: Shikamoo mkuu. Naomba kuelewa, ringi ikikatika sehemu mbili kwa pamoja inakuwaje?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, hili wengi hawaliulizi. Chora duara, weka CPU mbili jirani, halafu likate mara mbili. Mikato yote ikiwa upande wa paneli, zile zilizobaki katikati zinapotea, nyingine zinaendelea. Hatari ni mkato mmoja ukiwa kwenye waya kati ya CPU na CPU, na mwingine popote pengine. Kwenye 1500R kontrola zinaongea kupitia ringi hiyohiyo, kwa hiyo hapo haziwasiliani tena, na ikitokea kwa mpigo kila moja inaweza kujiona ndiyo kuu. Ndiyo maana ya hatua ya 3: waya kati yao uwe mfupi, umelindwa, fundi asiukanyage. Ukitaka kuepuka kabisa, ipo 1500H, ambayo CPU zake zina faiba zao mbili za kuoanishia, nje ya ringi. Bei yake ni nyingine.

Mama Njiro: Asante sana. Na vifaa mwisho vingapi?

Mwandishi: MRP inabeba hadi 50 kwenye ringi moja. Kwa kituo cha pampu hufiki huko.

Kijana_Usa: Si nitumie swichi za kawaida za dukani tu, zina tundu nyingi?

Mwandishi: Hapana. Swichi isiyojua MRP haiwezi kukaa ndani ya ringi.

Kijana_Usa: Lakini inapitisha data, nimejaribu.

Mwandishi: Inapitisha data, ila haitangazi waya wake kukatika na haisafishi orodha yake ya anwani njia inapogeuka. Itaendelea kutuma data kule kulikokatika. Ms 200 zako hazipo tena.

Opereta Ngaramtoni: Nyongeza. Umeme ukikatika, swichi na pawasaplai za paneli za mbali nazo zinazima, halafu ringi inaonekana imekatika sehemu kibao. Wekeni betri hata kwenye paneli ya tenki.

Mwandishi: Kweli kabisa, ningeiweka hatua ya 1. Na betri hizo zipimwe zikiwa na mzigo, maana bila mzigo hata iliyochoka husoma volti nzuri.

Opereta Ngaramtoni: Pia andikeni namba pande zote mbili za kila kebo. Kwetu fundi alichomoa waya mzima akitafuta uliokatika.