Kurasa 34 kuwa moja: kumwandikia msimamizi muhtasari wa uchunguzi kifani

Muhtasari wangu wa kwanza ulirudi mezani kwangu na maneno manne ya kalamu nyekundu: "Sasa unataka nifanye nini?" Nilikuwa nimeifupisha ripoti sura kwa sura: usuli, mbinu, matokeo, mapendekezo. Kila sura ilipata aya yake, na jambo lenyewe likaangukia mstari wa mwisho.

Tutumie mfano wa kubuni. Una uchunguzi kifani wa kurasa 34 kuhusu ghala linalochelewesha mizigo ya wateja. Katika miezi mitatu zilipokelewa oda 1,200, na 264 zikachelewa, yaani asilimia 22.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kufungua ripoti. Jiulize msimamizi atatakiwa kuidhinisha, kukataa au kuchagua nini, kisha liandike jibu kwa sentensi moja. Kwa ghala letu: "Naomba idhini ya kufunga kupokea oda saa 10 jioni na kumweka karani mmoja wa zamu ya usiku." Ukishindwa kuiandika, shida haiko kwenye ufupishaji. Mwulize msimamizi ataitumia karatasi hii kwa kazi gani.

Hatua ya 2: Soma kuanzia nyuma. Anza na mapendekezo, nenda kwenye matokeo, halafu urudi kwenye usuli pale tu unapokwama. Pigia mstari kitu ambacho, kama kingekuwa tofauti, uamuzi nao ungebadilika. Historia ya ghala haina nguvu hiyo, hivyo iache. Mahojiano na madereva 11 yanabaki kama nusu sentensi ya kueleza ushahidi ulitoka wapi.

Hatua ya 3: Chagua tarakimu chache, kila moja na jumla yake. Ripoti inasema oda 171 zilichelewa kwa kuwa orodha ya mizigo huchapishwa saa 4 asubuhi, hivyo mzigo haukuwa tayari gari lilipofika, 58 kwa sababu ya magari na barabara, na 35 kwa anwani zenye makosa. Ukiandika tu "asilimia 65 zilichelewa kwa mzigo kutokuwa tayari", msomaji mwenye haraka atadhani ni asilimia 65 ya oda zote. Andika "171 kati ya 264 zilizochelewa". Zile 58 na 35 zitoshee katika neno "nyingine".

Hatua ya 4: Usipoteze mipaka ya ushahidi. Hapa ndipo nimeona watu wazuri wakiteleza. Kuhusu utaratibu mpya wa kuchapisha orodha usiku, ripoti inasema: "Katika jaribio la wiki mbili, ambalo halikugusa mwisho wa mwezi, oda 18 kati ya 200 zilichelewa." Mfupishaji anaandika: "Utaratibu mpya ulipunguza ucheleweshaji hadi asilimia 9." Hesabu ni sahihi, lakini ahadi imekua. Mwisho wa mwezi ndio oda hufurika, na jaribio halikufika huko. Pia ripoti haikudai kwamba utaratibu mpya pekee ndio uliopunguza. Maneno kama "katika jaribio", "inaonekana" na "isipokuwa" ni madogo, ndiyo maana hufutwa kwanza. Msimamizi akiidhinisha halafu mwisho wa mwezi mizigo ikakwama, atakayeitwa ni wewe.

Hatua ya 5: Panga jibu juu. Ombi, sababu, ushahidi, mpaka wake, gharama. Aya ya kwanza ya ghala letu ingekuwa hivi:

> Naomba idhini ya kufunga kupokea oda saa 10 jioni na kumweka karani mmoja wa zamu ya usiku. Kati ya oda 264 zilizochelewa katika miezi mitatu, 171 zilikwama kwa sababu orodha ya mizigo huchapishwa saa 4 asubuhi, magari yakiwa yameshafika. Katika jaribio la wiki mbili orodha ilichapishwa usiku, na oda 18 kati ya 200 zikachelewa. Jaribio halikuhusisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo napendekeza tuanze kwa miezi miwili kisha tupime tena.

Chini yake weka gharama ya karani, tarehe ya kuanza, na kitakachotokea ombi likikataliwa. Lenga maneno 350 hadi 400. Yakizidi, toa wazo zima. Kupunguza fonti hadi 9 na kubana pambizo ni kujidanganya, kwa sababu ukurasa utatosha lakini hautasomwa.

Hatua ya 6: Kagua kwa penseli. Kwenye nakala yako, andika pembeni mwa kila tarakimu ukurasa wa ripoti ilikotoka. Tarakimu isiyo na ukurasa ifutwe. Kisha mpe mwenzako ambaye hajaisoma ripoti, dakika moja tu, umnyang'anye karatasi na kumwuliza: naomba nini, na nina wasiwasi gani? Akikumbuka ombi akasahau mwisho wa mwezi, ile sentensi ya mpaka umeizika. Ipandishe.