Kabla ya kung'oa visiki: somo la sotoka, mbung'o na ngitili za Shinyanga

Mkulima wa Usukuma anayetaka kufungua shamba jipya hutazama udongo na umbali wa maji. Ningemwomba aongeze swali moja kwa wazee wa kitongoji: pori la hapa lilikuwa wapi, na nani aliliondoa? Jibu litamsaidia kuamua visiki vipi ang'oe na vipi aviache. Shinyanga ina majibu ya aina hiyo ya zaidi ya miaka 100, na mengi yanahusu ng'ombe.

Tuanze na sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ukaangusha mifugo kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mahali pengi walibaki ng'ombe wachache mno. Njaa ikafuata, maana kwa mfugaji ng'ombe ndiye akiba ya mwaka mbaya. Madhara ya polepole yalionekana baadaye, kwenye ardhi yenyewe. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wakila na kukanyaga machipukizi ya miti kila siku, na watu walikuwa wakifyeka ili kulima na kupata kuni. Mifugo ilipokufa na watu kupungua au kuhama, vichaka vikapata nafasi. Wanyama pori nao waliathirika na sotoka, lakini wengi walirudi upesi kuliko ng'ombe. Mahali penye kivuli cha vichaka na damu ya wanyama, mbung'o hustawi.

Mbung'o wa nyika huhitaji kivuli cha kupumzikia na kuzalia watoto wao. Kwa hiyo shamba lililofyekwa na malisho yaliyoliwa vizuri huwa ukuta dhidi yao, na pori linaporudi ukuta huo huanguka. Nzi hawa huambukiza ng'ombe nagana, ambayo wengi huita ndorobo, na watu huwaambukiza malale. Ndivyo ilivyotokea kwamba sehemu zilizokuwa na mifugo ziliachwa tupu kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, aliyeongoza kazi ya kudhibiti mbung'o Tanganyika, aliendesha utafiti mkubwa Shinyanga. Watu waliitwa kupitia watemi wao kufyeka pori kwa makundi. Moto nao ulitumika: nyasi ziliachwa zikue na kukauka kabisa, kisha zikachomwa kwa pamoja ili moto uwe mkali wa kuua vichaka. Wanyama pori pia waliwindwa. Kwa lengo lililowekwa, kazi ilifanikiwa. Ng'ombe walirudi, na watu nyuma yao.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosimulia habari hii kana kwamba wazee walikata miti kwa ujinga. Walikata kwa sababu watoto na ng'ombe wao walikuwa wanakufa. Tatizo ni kwamba ufyekaji haukusimama mbung'o walipoondoka. Pamba ilitanuka sana baada ya Vita Kuu ya Pili na kila shamba jipya lilitaka ardhi. Kwelea kwelea walipoharibu mtama, miti ya miiba wanamojenga viota ikakatwa pia. Mifugo iliongezeka, kuni zikatoka mbali zaidi kila mwaka.

Wasukuma walikuwa na kinga yao: ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikue bila kuguswa, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi, mara nyingi Julai au Agosti, kwa ndama, ng'ombe wa kulimia na walio dhaifu. Miti ndani yake huchipua yenyewe. Operesheni ya vijiji ya 1974 ilihamisha familia nyingi mbali na ngitili zao, na eneo lisilo na mwenyewe wa kulilinda huliwa na kila mtu. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa karibu hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, nyingi zikiwa zimerudi kwa kufunga eneo na kuacha visiki vichipue, si kwa kupanda miche.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: kagua visiki kabla ya kununua miche. Piga panga kidogo ganda la kisiki. Likiwa bichi na lenye unyevu, mzizi bado u hai. Mti wa namna hiyo una mizizi mirefu tayari na huvumilia ukame ambao mche wa mwaka mmoja hauwezi. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, yaliyonyooka, kata mengine karibu na kisiki wakati wa kiangazi, na zuia mbuzi. Mahali palipolimwa kwa trekta na kung'olewa mizizi kwa miaka mingi usitegemee hilo. Hapo itabidi upande.

Pili, pima ngitili yako kwa kinywa cha ng'ombe. Tuchukue kaya yenye ng'ombe 10, kila mmoja akiwa na uzito wa karibu kilo 250. Mmoja hula takriban kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Ukitaka wavuke siku 60 ngumu za kiangazi, unahitaji kilo 3,600. Sasa kata nyasi za mita moja ya mraba katika sehemu kadhaa, zikaushe, upime. Tuseme wastani ni gramu 200. Hiyo ni kilo 2,000 kwa hekta, lakini nusu yake ibaki kufunika udongo, kwa hiyo inayoliwa ni kilo 1,000. Unahitaji hekta 3.6, yaani karibu ekari 9. Ukiwa na ekari 4 tu, usiwaingize wote; ngitili iwe ya ndama na ng'ombe wa jembe tu, na wengine uwauze kabla hawajakonda na bei haijaporomoka. Mwaka wa mvua haba pima upya, kwa sababu gramu 200 zinaweza kuwa 90.

Tatu, usiache ngitili igeuke pori zito. Hili wengi hawalisemi, na mimi naliona kubwa. Ukiifunga miaka mingi bila kulisha wala kupogolea, unarudisha kivuli kilekile alichokitaka mbung'o, hasa kama uko jirani na hifadhi ya wanyama. Punguza matawi ya chini ili upepo na jua vipite, na acha ukanda ulio wazi kati ya ngitili na zizi. Ng'ombe akikonda ilhali nyasi zipo, manyoya yakasimama, tezi zikavimba na utando wa ndani wa jicho ukapauka, fikiria ndorobo. Usimchome dawa kwa kubahatisha, kwa kuwa ndigana nayo huleta dalili zinazofanana. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue damu.

Mipaka ya ngitili ya jumuiya iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na adhabu ya kulisha kabla ya siku ya kufungua ikubaliwe kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, mbele ya wanaochunga wenyewe.