Kuning'iniza stopu kwa ATR: mstari usioruhusiwa kushuka

Jumapili iliyopita shemeji yangu alinionyesha biashara yake ya dhahabu iliyofungwa kwa bei ya chini kuliko alivyotarajia. Aliapa kwamba amefuata kanuni. Tulipokagua tukaona mstari wa kiashiria kwenye chati yake uliteremka, naye akateremsha stopu pamoja nao. Kosa hilohilo liliwahi kunikeshesha usiku mzima, kwa hiyo naandika tulivyorekebisha.

Hatua ya 1: Andaa jedwali

Chukua mishumaa ya siku, angalau 60. Safu A ni tarehe, B bei ya juu, C ya chini, D ya kufunga. Napendelea jedwali kuliko kiashiria cha kupakua, kwa sababu kwenye jedwali unaona kila namba imetoka wapi.

Hatua ya 2: Pima mtikisiko wa kawaida

Kipimo hiki ni ATR, yaani wastani wa umbali ambao bei hutembea kwa siku; alikitoa Welles Wilder mwaka 1978. Kila siku unachukua umbali mkubwa kuliko yote kati ya mitatu: juu hadi chini ya leo, kufunga kwa jana hadi juu ya leo, na kufunga kwa jana hadi chini ya leo. Hiyo miwili ya mwisho ndiyo inayonasa gepu. Kisha unapata wastani wa siku 22.

```
E3:  =MAX(B3-C3, ABS(B3-D2), ABS(C3-D2))
F24: =AVERAGE(E3:E24)
F25: =(F24*21+E25)/22
```

Vuta E3 na F25 hadi chini. Usishtuke ATR ya MetaTrader ikitofautiana kidogo na yako: yenyewe hutumia wastani wa kawaida, hapa tumetumia ulainishaji wa Wilder. Chagua mmoja ubaki nao.

Hatua ya 3: Ning'iniza

Njia hii ni ya Chuck LeBeau. Aliiita Chandelier kwa kuwa stopu inaning'inia kutoka kwenye kilele cha bei kama taa inavyoning'inia darini. Ukinunua, toa ATR mara 3 kwenye kilele. Tuseme uliingia siku ya mstari wa 40:

```
G40: =MAX(B$40:B40)-3*F40
```

Hatua ya 4: Uzuie usishuke

Hapa ndipo penye kazi. Mstari wa stopu unaweza kushuka kwa sababu mbili. Ya kwanza, viashiria vingi hutazama kilele cha siku 22 zilizopita badala ya kilele tangu uingie, hivyo kilele cha zamani kikitoka kwenye dirisha, mstari unaanguka. Hiyo tumeshaiziba kwa `B$40`.

Ya pili ni ATR yenyewe. Tuchukue mfano wa biashara ya shemeji: kilele ni 2,090 na ATR ni 20, kwa hiyo stopu iko 2,030. Inakuja siku ya vurugu, bei inatoka 2,082 hadi 2,036 na kufunga 2,040. Umbali wa siku hiyo ni 46, ATR inapanda hadi 21.18, na G inasoma 2,026.45. Yaani soko limekugeuka, nayo fomula inakupa nafasi zaidi ya kupoteza. Kesho yake, Ijumaa, bei inagusa 2,028. Aliyeacha stopu 2,030 ametoka. Aliyeishusha bado yumo, na Jumatatu soko linafunguka kwa gepu 2,015, anatolewa hapohapo. Kwa loti 0.10, yaani aunsi 10, tofauti ni dola 150.

Dawa ni safu moja:

```
H40: =G40
H41: =MAX(H40,G41)
```

Kuna jambo moja zaidi lililonila saa nyingi nilipokuwa nikijaribu mfumo kwa data za nyuma. H41 inajulikana baada ya siku ya 41 kufunga, kwa hiyo ilinganishe na bei ya chini ya mstari wa 42, kamwe si ya 41. Ukiilinganisha na 41 unatumia kilele ambacho huenda kilikuja baada ya bei ya chini, na matokeo yako yote ni ya uongo. Dalili yake ni kutolewa siku zilezile bei ilipopaa sana.

Ukibadilisha biashara, anza H upya. Ukiwa umeuza, geuza kila kitu: bonde jumlisha ATR mara 3, tumia MIN, na ongeza spredi, kwa sababu chati huonyesha bei ya kuuzia ilhali wewe utafungwa kwa bei ya kununulia.

Hatua ya 5: Peleka kwa dalali

Soko likifunga, andika namba ya H kwenye `Stop Loss` mara moja kwa siku. Siitumii kabisa `Trailing Stop` ya MetaTrader: inafanya kazi kwenye kompyuta yako, hivyo umeme ukikatika inasimama. `Stop Loss` uliyoandika inakaa kwenye seva ya dalali.

Shemeji alitaka kupunguza 3 iwe 2. Nilimwonyesha kwenye jedwali lake: kwa 2 stopu ingekuwa 2,050, na angetoka ile siku ya vurugu akiwa na dola 200 zaidi ya aliyetoka 2,030. Halafu tukarudi nyuma kwenye mpando uleule, tukakuta hiyo 2 ingemtoa wiki mbili mapema, kabla kilele hakijafika. Ameiacha 3.