"More better" inatoka wapi? Kulinganisha kwa Kiingereza bila kunaswa na majibu

Watahiniwa wengi ninaowafundisha hapa Kisumu wanaijua "better" vizuri. Kinachowaponza ni Kiswahili chao kizuri. Sisi husema "bora zaidi", na hatujakosea. Mwanafunzi akifasiri neno kwa neno, "bora" inakuwa "better", "zaidi" inakuwa "more", na mtunga mtihani ameshaiweka "more better" pale anamngoja.

Kivumishi chetu hakibadiliki tunapolinganisha. "Mrefu" hubaki "mrefu", kisha tunaongeza "zaidi" au "kuliko". Hata aliyewashinda wote ni "mrefu kuliko wote", kwa neno lile lile. Kiingereza kina alama ya kulinganisha, na alama hiyo huwekwa mara moja tu: ama ndani ya neno, ama mbele yake.

Tulifanye swali hili pamoja.

```
Of the two cities, Nakuru and Kisumu,
Kisumu is the ____.
A. hottest      B. more hotter
C. hotter       D. most hot
```

Hatua ya kwanza: hesabu vinavyolinganishwa. Fanya hivyo kabla hujatazama majibu. Hapa ni miji miwili, "of the two". Vikiwa viwili, mtihani unataka umbo la "-er" au "more". Vikiwa vitatu au zaidi, ni "-est" au "most". Mtego wa swali hili ni "the". Wengi wamekariri kwamba "the" lazima ifuatwe na "-est", kwa hiyo wanakimbilia A. Lakini "of the two" nayo huchukua "the": "the hotter of the two". A na D zimeanguka.

Hatua ya pili: hesabu alama katika kila jibu. "-er" ni alama moja. "More" ni alama moja. Neno lililobadilika mwili mzima, kama "better" au "worse", limeshabeba alama yake. B ina alama mbili, basi ikate. Imebaki C. Zile t mbili za "hotter" zisikutishe, hizo ni tahajia tu: neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudia konsonanti hiyo, kama "bigger" na "thinner".

Hatua ya tatu: silabi. Hii utaihitaji pale unapobaki na "more cheap" na "cheaper". Silabi moja huchukua "-er". Silabi tatu na kuendelea huchukua "more". Za silabi mbili zinazoishia kwa y huwa "easier", "happier", na nyingi zilizosalia huchukua "more", kama "more careful".

Yasiyofuata kanuni ni machache, yakariri: "good, better, best", "bad, worse, worst", "little, less, least", "much" na "many" huwa "more, most", "far" huwa "farther" au "further". Linalosumbua kuliko yote ni "worse". Halina "-er" ya kusikika, kwa hiyo mtu huona kama halijakamilika, akaandika "worser" au "more worse". Tena tunapoongea, "worse" na "worst" husikika karibu sawa. Ukiona "than" mbele, ni "worse".

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Nyalenda:* Mwalimu, binti yangu alichagua "much better". Kaka yake anasema ni kosa lile lile la "more better". Nani yuko sahihi?

Binti, mama. "Much" hailinganishi, inaeleza ukubwa wa tofauti. "Far", "even" na "a little" hufanya kazi hiyo hiyo. Ila "very better" ni kosa, kwa sababu "very" hukaa na neno lisilobadilishwa: "very good".

*Mwongoza watalii, Nakuru:* Yule heroe mdogo wa ziwani kwetu huitwa "lesser flamingo". "Less" si tayari imelinganisha? "-er" ya nini tena?

Umeona vizuri, ndugu. Kwa asili "lesser" ni alama mbili kweli, lakini Kiingereza kimeikubali kwa karne nyingi ikitangulia nomino, kwa maana ya kilicho kidogo au cha daraja la chini. Haiendi na "than". Ukikuta "lesser than" kwenye majibu, ikate, sahihi ni "less than".

*Mwanafunzi, Kakamega:* Na "Maize is becoming more and more expensive"? Hizo "more" ni mbili.

Sentensi hiyo ni sahihi. Zimeunganishwa na "and" kuonyesha bei inazidi kupanda siku baada ya siku. Kwa neno fupi tunasema "hotter and hotter". Kosa ni "more and more hotter", kwa sababu "-er" imerudi juu ya "more".